Mikunjo ya Kaki

Sentensi iliyomfukuza Mzee Gichuru kazi niliiandika mimi, saa nne asubuhi, nikiwa na chai pembeni na roho nyeupe. Nalisema hili mapema kwa sababu wenzangu wa ofisini hupenda kusimulia kisa hiki kana kwamba kompyuta ndiyo yenye lawama. Kompyuta haina ubaya wowote. Ubaya tuliufanya watu wawili, na mmoja wao ni mimi.

Mwaka ulikuwa 1998. Kampuni yetu ilishona sare za shule. Mashine na stoo vilikuwa Waithaka, ofisi ilikuwa mjini, ghorofa ya tatu, Barabara ya Tom Mboya. Mimi, Wamucii, nilikuwa mchanganuzi wa malipo, cheo kirefu cha kazi fupi: ankara ya mwenye kutuuzia kitambaa ikifika, naiweka kando ya orodha ya mali iliyopokewa stoo, kisha nalinganisha mstari kwa mstari. Mistari ikikubaliana, hundi inaandikwa. Ikikataana, halipwi mtu mpaka nijue kwa nini.

Kitambaa chetu karibu chote kilitoka duka la Chunilal na Wanawe, Biashara Street. Hesabu za duka zilikuwa mikononi mwa Kamla, mke wa Mahesh, mtoto mkubwa wa Mzee Chunilal. Tulianza kwa kugombana kwenye simu juu ya jora la popelini lililopotea, tukaishia kuwa marafiki. Miaka sita. Kila Diwali alinitumia sanduku la peremende za maziwa. Mama yangu alipofariki alikuja mpaka Waithaka na viatu vyake vya mjini, akasimama kwenye matope saa mbili nzima bila kulalamika. Mtu akikufanyia hivyo, unaacha kuchagua maneno mbele yake.

Mwingine wa kumjua ni Mzee Gichuru, mtunza stoo. Huyu sijui nimweleze vipi bila kukasirika upya. Niliingia kampuni hii 1984 nikiwa msichana wa kufagia nyuzi, na yeye ndiye aliyenitoa kwenye ufagio akaniweka kwenye kalamu. Alinifundisha kupokea mzigo. Jora la kitambaa huja limekunjwa safu juu ya safu, na ukilitazama ubavuni unaona kingo za mikunjo zimepangana kama kurasa za kitabu. Mzee alipitisha kidole gumba juu ya kingo hizo, prrr, akasema, "Thelathini." Ukihesabu upya ni thelathini. Nafasi ya karani ilipotokea ofisini, ni yeye aliyekwenda kwa wakubwa akasema, huyu msichana anajua hesabu, mchukueni. Mwaka huo wa 1998 alikuwa amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu na kiinua mgongo chake cha miaka kumi na tisa. Alishapima kiwanja cha nyumba ya mawe kwake Kinoo.

Mwishoni mwa Februari mkurugenzi wetu, Bwana Macharia, alitoa amri mpya. Kavata, msimamizi wa chumba cha kukatia, alikuwa amelalamika kwamba kitambaa kinaisha kabla ya suruali kutimia. Kwa hiyo kila jora sasa lingefunguliwa kwenye meza ya kukatia, lipimwe kwa mita, na vipimo hivyo ndivyo vingeandikwa kwenye orodha ya mali iliyopokewa. Mzee aliendelea kama zamani: lori likifika anahesabu, anatia sahihi hati ya mzigo, dereva anaondoka. Kavata anapima baadaye. Mimi ofisini nilikuwa nimepata kompyuta, na ndani yake niliingiza vitu viwili tu, ankara na orodha ya Kavata. Hati za mzigo ziliingia moja kwa moja kwenye faili la kabati. Nani angezisoma tena wakati mashine inalinganisha yenyewe?

Ndipo ankara ya Machi ikaja na kunikatalia. Nilikaa nayo siku mbili. Nikagawanya, nikazidisha, na nilipopata jibu nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu, maana lilikuwa zuri. Nikamwandikia Kamla. Barua za kompyuta zilikuwa mpya kwetu. Ulibonyeza, simu ikalia kama paka aliyebanwa mlango, ukapumzika. Niliandika kwa Kiingereza chetu cha ofisini, lakini maneno yenyewe yalikuwa haya:

"Kamla mpenzi,

Ankara yenu ya tarehe 9 Machi ina mistari mitano. Miwili inakubaliana na tulichopokea: popelini nyeupe mita 600, na drafti ya miraba ya bluu mita 450. Mitatu haikubaliani.

Kaki: mmetoza mita 1,200, yaani majora 40 ya mita 30. Majora yote 40 tumepata, lakini mezani yametoka mita 1,097. Kijivu cha suruali: majora 25, mmetoza mita 750, tumepima 686. Bluu nzito: mmetoza majora 10, tumepokea 9. La kumi lilikuwa limelowa, dereva wenu Balbir akarudi nalo siku hiyo hiyo na kutia sahihi, ila hati ya kupunguza ankara hatujaiona.

Hilo la bluu ni karatasi tu iliyosahauliwa. La kaki na kijivu nimelichunguza. Kila jora linatoka mita 27.4, na hiyo ni yadi 30 kamili. Nadhani kiwanda kinachowaletea vitambaa hivyo viwili bado kinakunja kwa yadi, na ninyi mnahesabu kila mkunjo kuwa mita. Popelini na drafti zinakunjwa kwa mita, ndiyo maana ziko sawa. Naomba mtupunguzie mita 103 za kaki, mita 64 za kijivu, na jora moja la bluu. Zilizobaki tutalipa bila kuchelewa.

Hili ni kati yetu: na sisi tuna makosa. Mzee wetu wa stoo huhesabu mikunjo kwa kidole na kutia sahihi, hapimi. Pengine amepokea yadi kama mita miaka yote hii na hakuna aliyejua. Nitamrekebisha polepole, usimtaje.

Wako, Wamucii."

Isome tena aya ya mwisho. Mimi nimeisoma mara nyingi kuliko sala. Hakuna aliyenilazimisha kuiandika. Madai yangu yalikuwa yamekamilika kabla yake. Niliiongeza ili Kamla asijisikie amekamatwa peke yake, jinsi unavyomwambia mwenzako, hata mimi juzi nilichoma ugali.

Siku nne zikapita kimya. Nilimpigia Kamla, nikaambiwa yuko na mteja. Nikapiga tena, yuko benki. Siku ya tano, Alhamisi, Macharia aliniita ofisini kwake. Mezani palikuwa na barua rasmi ya Chunilal na Wanawe, na nyuma yake, imebanwa kwa pini, barua yangu, imechapishwa kwenye karatasi. Aya ya mwisho ilikuwa imepigiwa mstari kwa wino wa kijani. Ofisi nzima ya Biashara Street ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye kalamu ya kijani, nami nilikuwa nimeona tarakimu zake za kijani kwa miaka sita.

Barua yao ilikuwa ya heshima sana. Jora la bluu walikubali. Kuhusu kaki na kijivu, walisema mzigo ulihesabiwa na kutiwa sahihi na mtu wa kampuni, na kwamba, kwa maneno ya afisa wenu mwenyewe, mtu huyo hapimi. Kwa hiyo hawawezi kubeba uzembe wa stoo ya mteja. Ankara ilipwe yote.

Macharia hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Hii ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, lakini bosi, hiyo mwisho ilikuwa ya Kamla tu. Haikuwa ya—"

"Wamucii. Ni ukweli ama si ukweli?"

"Ni ukweli anahesabu na kidole."

"Miaka yote hii?"

Hapo ningenyamaza. Ningesema ngoja niulize. Nikasema, "Nafikiri."

Ijumaa mchana Mzee Gichuru alipewa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe. Kwa uzembe maana yake bila kiinua mgongo. Tobias, kijana wa gari la kampuni, aliniambia kwamba Mzee aliikunja barua, akaiweka ndani ya kofia, akavaa kofia, akamkabidhi Kavata funguo moja moja huku akizitaja: ya mlango mkubwa, ya kabati, ya choo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Biashara Street kabla milango haijafunguliwa. Nilitembea pale barazani huku na huku nikipanga matusi. Kamla alipofika na mumewe aliniona, akamwambia Mahesh atangulie. Tukaingia nyuma ya kaunta, katikati ya majora, nami nikaanza bila salamu.

"Ni wewe ulipiga mstari."

"Wamucii, kaa kwanza."

"Sikai. Nimekuandikia kama rafiki yangu, ukanipeleka kwa bosi kama mwizi."

"Uliandika kwa duka," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mimi siku hiyo sikuwa na huruma ya kugawa. "Hiyo address si yangu. Iko moja tu. Kila asubuhi zote zinachapishwa, baba ya Mahesh anasoma na chai yake. Ningeficha wapi?"

"Sijauliza ungeificha wapi. Nauliza hiyo mstari ya kijani."

Akashika ukingo wa jora lililokuwa karibu naye.

"Baba aliniuliza, iko kitu hapa ya kutusaidia? Mimi ndiyo najua kusoma hizi vitu. Tungerudisha hiyo pesa kwenu, kila mteja angekuja na tepu ya kupima. Nikamwonyesha."

"Na ukashindwa kunipigia simu hata moja."

"Nikuambie nini? Sorry?"

"Ndiyo! Hiyo hiyo! Sorry!"

Wateja wawili waligeuka. Kamla aliteremsha sauti, na alichosema baadaye ndicho ninachokumbuka kila nikipita mtaa ule.

"Mimi nimekosea kwako, sawa. Lakini huyo mzee mimi simjui. Jina yake mimi sikuandika. Nani alinipa?"

Nilitoka na hasira yangu yote ikiwa nzima, tena imepata uzito mpya. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea njiani, na nikaapa sitamsamehe yule mwanamke. Wala sijamsamehe. Sanduku la peremende lilikuja tena mwaka ule. Nikamrudishia Balbir mlangoni, nikamwambia mpelekee mwenye kalamu.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Kinoo. Nilibeba sukari na majani, jinsi inavyopasa, nikiwa na maneno yangu tayari. Nilidhani ninakwenda kumwambia Mzee kwamba tumesalitiwa sote wawili. Niseme kweli, nilitamani tumkasirikie Kamla pamoja.

Mkewe, Mama Wangeci, alinipokea vizuri. Alichukua sukari, akanikalisha, akaenda jikoni, nikasikia sufuria ikiwekwa juu ya jiko. Mzee alikuwa ameketi na redio magotini, imezimwa. Nilimsalimu kwa mikono miwili. Nikaanza kumweleza habari za Kamla, barua, wino, baba mkwe. Nilieleza sana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

Aliinuka akatoa kitabu cha hati za mzigo kutoka chini ya kiti. Hati yetu ilikuwa na nakala tatu: nyeupe ya dereva, ya njano ya ofisi, na ya waridi inayobaki stoo. Alikuwa amebeba kitabu cha waridi cha mwaka ule. Akafungua akaweka kidole gumba juu ya mstari wa kaki.

"Soma."

Kwenye safu ya hesabu kila mstari ulikuwa na neno lililopigwa chapa: mita. Hapo Mzee alikuwa amelikata kwa kalamu. Pembeni, kwa mwandiko wake wa kulala, aliandika: mikunjo 1,200. Chini yake: kijivu, mikunjo 750. Kwenye popelini hakukata kitu. Aliacha mita.

Nikafungua ukurasa mwingine. Mwingine. Februari yote. Kaki, mita imekatwa, mikunjo. Kijivu, mikunjo.

"Mimi naandika kile nimehesabu," akasema. "Nikihesabu mikunjo naandika mikunjo. Hiyo kaki ni ya yadi tangu nikiwa kijana. Kila mtu wa kitambaa anajua."

"Lakini Mzee, mbona hukusema?"

"Nilisema. Themanini na sita, kwa yule karani alikuwa kabla yako. Akaniambia tunanunua kwa jora, bei ni ya jora, mikunjo si shida. Na ilikuwa kweli. Mlianza kununua kwa mita lini?"

Nilijua lini. Miaka miwili nyuma, bei mpya zilipokuja. Mimi ndiye niliyeziingiza kwenye daftari la bei. Stoo hatukuwaambia, kwa sababu bei si mambo ya stoo.

"Miaka yote hii," akasema polepole. Akaniangalia. "Ndivyo uliandika. Macharia alinisomea. Nikamwonyesha hii kitabu, hapo hapo Ijumaa. Unajua alisema nini? Alisema, Mzee, huyu msichana ni wako, ni wewe ulimleta ofisini. Kama yeye mwenyewe anasema hivi, mimi nitaamini karatasi ya nani?"

Nikasema sikujua. Nikasema laiti ningeiona hati hii.

"Yenu ya njano iko na wewe. Kila mwezi naituma."

Ilikuwa nami. Kwenye kabati, hatua mbili kutoka kiti changu. Nikwambie kabisa usibaki na wasiwasi: Jumatatu niliitoa, mwandiko wa kaboni umefifia lakini unasomeka, nikazitoa na nyingine zote za miaka miwili, nikazimwaga mezani kwa Macharia na kusema aliyekuwa mzembe ni mimi. Mkurugenzi alizisoma jasho likimtoka. Barua ya uzembe ilifutwa, Chunilal alipunguza ankara yake mita kwa mita, Mzee akalipwa kiinua mgongo chote. Kazini alikataa kurudi hata kwa ile miezi kumi na mmoja. Nami nilipewa onyo la maandishi, na nilistahili zaidi. Lakini hayo ni ya Jumatatu, na Jumapili hiyo mimi sikujua yatakwendaje. Nilikuwa nimekaa tu na kitabu cha waridi mapajani.

"Mzee, nisamehe. Yule mwanamke alinigeuka."

"Huyo ni wako. Mtajuana." Alikichukua kitabu, akakifunga. "Mimi sijauliza kwa nini yeye alionyesha watu. Nauliza kwa nini aliambiwa kabla yangu. Stoo kuna simu, Wamucii. Ungeuliza tu, Mzee, hii kaki ni mikunjo ama ni mita? Ningekujibu bila hata kusimama."

Nilikuwa nimeona mistari haikubaliani, nikajua kuna mtu amekosea, na kati ya mwenye duka mwenye kalamu ya kijani na mzee mwenye kidole gumba, sikujiuliza hata kidogo ni yupi. Hilo ndilo alilolisoma kwenye barua yangu, na alilisoma sawasawa.

Mama Wangeci alitokea jikoni na vikombe vitatu kwenye sinia, chai imechemka, harufu ya maziwa imejaa nyumba. Katika nyumba ya watu wetu, hata mtu uliyegombana naye kwa shamba utampa chai kwanza ndipo mgombane.

"Rudisha hiyo kimoja," Mzee akamwambia bila kugeuka. "Mgeni anaenda."